Viti mia mbili na nane, au na vinane? Risiti yangu imerudishwa

MkodishaViti_Majengo
Jumanne, saa 3:40 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Mimi nakodisha viti, meza, mikeka na masufuria ya shughuli hapa Majengo: harusi, matanga, maulidi, chochote kinachokusanya watu. Risiti naandika kwa mkono. Kiasi nakiweka kwa tarakimu kisha nakirudia kwa maneno, maana tarakimu mtu akitaka huiongeza sifuri njiani, lakini maneno si rahisi kuyachezea.

Juzi alikuja mzee mmoja wa Kibokoni, ana harusi ya mjukuu wake. Nikamwandikia: viti 208, na kando nikaandika "viti mia mbili na nane". Akavaa miwani, akaisoma pole pole, akanirudishia karatasi bila kutia sahihi. Akaniambia, "Mwanangu, viti havihesabiwi hivi. Andika na vinane." Nikafuta, nikaandika. Akatia sahihi na kuondoka.

Maneno yale yakanikaa kichwani. Jioni nilikuwa napaka nambari viti vya wageni wa mbele, vile vyenye vitambaa, na kwa kuwa sikutaka aibu ya pili nikaandika nyuma ya kila kimoja: Kiti cha kwanza, Kiti cha viwili, Kiti cha vitatu, mpaka Kiti cha vinane. Binti yangu wa kidato cha pili akarudi, akasimama nyuma yangu, akasema, "Baba, kilicho sawa hapo ni cha kwanza peke yake." Na rangi imeshakauka.

Sasa nauliza kwa moyo safi. Kwa nini mzee ataka vinane na binti yangu ataka nane, na kitu ni kile kile, kiti? Na kama ni vinane, mbona yule mzee hakuniambia niandike "mia viwili"? Ami yangu asema nambari ikishapita kumi haibadiliki kabisa, niache kujisumbua. Jumamosi nina shughuli tatu na risiti lazima ziandikwe.

---

SwalehTudor
Jumanne, saa 4:05 usiku

Kaka, kanuni ni moja na si ngumu. Nambari za Kiarabu hazibadiliki, za Kibantu zinabadilika. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini mpaka mia na elfu ni za Kiarabu, zimekuja na jahazi na zimebaki kama zilivyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni zetu, hizo zinafuata kitu kinachohesabiwa. Kwa hiyo viti vinane, viti sita. Ndiyo mzee akasema vinane. Binti yako amekosea.

---

Dereva_Likoni
Jumanne, saa 4:11 usiku

Saa huwa haibadiliki bwana. Ukimwambia mteja arudishe viti saa nane, ni saa nane tu. Ukimwandikia masaa manane atakaa navyo kutwa na kukulipa nusu. Mimi yalinikuta na mteja wa kukodi gari. Nilimwandikia kwenye simu "masaa mawili", nikiwa na maana tukutane saa mbili asubuhi. Yeye akafahamu safari ni ya masaa mawili, tukagombana pale kwenye feri watu wakitutazama.

---

MkodishaViti_Majengo
Jumanne, saa 4:20 usiku

@Dereva_Likoni ahsante ndugu yangu, lakini sikuuliza wakati wa kurudisha. Nauliza idadi ya viti.

@SwalehTudor sawa kuhusu sita na saba. Lakini nane ni moja ya hizo "zetu", nami niliibadilisha nikaandika cha vinane, na binti aniambia nimekosea. Yule mtoto Kiswahili hapati chini ya themanini. Hapo kanuni yako inanisaidiaje?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Sabalkheri wanangu. Nimesomesha Kiswahili mpaka nikastaafu, na swali hili nimelisahihisha madaftarini kwa kalamu nyekundu mara nisizoweza kuhesabu. Baba wa viti, wewe, mzee na binti yako mko karibu kuliko mnavyodhani. Mzee yuko sawa. Binti yuko sawa. Wewe uliichukua haki ya mzee ukaipeleka mahali pasipo pake.

Acha Uarabu na Ubantu kwanza. Nambari ukiikuta, iulize: wewe unahesabu nini? Kama inahesabu viti, itavaa nguo ya viti. Kama inahesabu kitu kingine, itavaa ya hicho kingine. Na kama haihesabu kitu, ni jina tu la mahali kwenye mstari, haivai kitu.

Na kama hujui unahesabu nini, jiulize kwa "ngapi", maana ngapi haikudanganyi. Mtu akija dukani kwako huuliza, "Una viti *vingapi*?" Ngapi imevaa vi-, na jibu litavaa vi-: vinane. Sasa mgeni akifika harusini akitafuta pa kukaa, huuliza, "Changu ni kiti cha *ngapi*?" Hakuna mtu Mombasa nzima aulizaye "kiti cha vingapi". Ngapi imekuja uchi, basi na jibu litakuja uchi: cha nane. Kiti chenyewe ni kimoja, hapo si kwamba unahesabu viti vinane, unakitaja kwa nafasi yake. Kinachofuata kiti pale ni ile cha, si nane. Ukibadilisha kitu, cha itageuka na nane itabaki: mlango wa nane, darasa la nane, meza ya nane, mahali pa nane.

Na ile mia yako. Mtu akikuuliza "viti mia *ngapi*?" ngapi haikuvaa vi-, kwa sababu inaziuliza mia, haiviulizi viti. Mbili katika "mia mbili" yahesabu mia. Zile mia ziko mbili. Mia iko kundi moja na nyumba na meza, na huko mbili ni mbili. Kisha vimebaki viti vinane ambavyo havikuingia katika mia yoyote, hivyo vyahesabiwa wenyewe kwa wenyewe, basi vinavaa: viti mia mbili na vinane. Katika maneno yale machache mbili na vinane zatumikia mabwana wawili.

"Cha kwanza" umekipata bila kukosea kwa sababu kwanza si nambari. Ni kuanza. Kiti cha kwanza ni kiti cha kuanza, na kitenzi hakina cha kuvaa hapo.

---

MkodishaViti_Majengo
Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, nimesoma mara tatu na nimemwamsha mke wangu nimsomee. Viti vingapi, kiti cha ngapi, viti mia ngapi. Miaka yote hii naulizwa hivyo na wateja na sikuwahi kusikia tofauti.

Basi ami yangu asemaye nambari ikipita kumi haibadiliki?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Ami ameona nusu ya kitu. Kumi haibadiliki, ishirini haibadiliki, hamsini haibadiliki. Lakini kile kipande kinachobaki baada ya "na" kingali kinahesabu vitu. Viti kumi na viwili. Watu ishirini na watatu. Mikeka thelathini na minne. Na kikibaki kimoja, kinavaa nguo ya umoja ingawa vitu ni vingi: viti ishirini na kimoja, watu ishirini na mmoja. Lakini kitenzi kinarudi kwenye wingi. Watu ishirini na mmoja *wamefika*. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wakiona mmoja pale karibu, wakaandika "amefika".

---

SwalehTudor
Jumatano, saa 2:02 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kuhusu cha nane. Lakini bado sioni kosa la kanuni yangu. Sita, saba na tisa hazivai kitu, na zote ni za Kiarabu. Hilo ni kweli au si kweli?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 2:20 asubuhi

Marahaba mwanangu. Hilo ni kweli. Ila kanuni yako itakwama kwenye kumi. Kumi si ya Kiarabu, Mwarabu husema ashara, nasi twaisikia ndani ya thenashara ambayo wazee hapa hutumia kwa kumi na mbili. Kumi ni yetu kabisa, na haibadiliki: viti kumi, watu kumi, miti kumi. Kwa nini? Kwa sababu kumi ni kitu, kama yai. Ina wingi wake, makumi. Mtoto wa shule akipanga hesabu huambiwa andika mamoja hapa, makumi hapa, mamia hapa. Makumi *mawili*, unaona? Kumi yenyewe yahesabika. Chombo kinachohesabika kwa nguo zake hakiendi kuazima nguo za viti.

---

Kadzo_Kaloleni
Jumatano, saa 2:41 asubuhi

Samahanini kwa kuingilia. Sisi nyumbani kwa Kigiriama, kuanzia sita mpaka kumi, twahesabu handahu, fungahe, nane, chenda, kumi. Sita na saba na tisa hatuna kabisa ila tukiongea Kiswahili. Nane na kumi ndizo zinafanana na zenu. Hilo linaonyesha nini?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 3:10 asubuhi

Linaonyesha kuwa Kiswahili nacho kilikuwa nazo. Tandatu, fungate, kenda. Fungate mwaijua nyote, ni zile siku saba za maarusi, jina limebaki ingawa nambari imekwenda. Na kenda iko usoni petu kila siku: Mijikenda. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Wahesabu, ni kenda. Na tazama, ni miji kenda, si "miji mikenda". Kwa hiyo si kila nambari ya asili ilivaa, hapo ndipo Swaleh anapojikwaa mara ya pili.

Na kwetu hapa kisiwani mambo yakaenda upande wa pili. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, na ndani yake muna Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Tangana na Changamwe, na Tisa Taifa. Nambari imetangulia na taifa halikuvaa ma-. Ungelisema kwa Kiswahili cha kawaida ungepata mataifa matatu na mataifa tisa. Mijikenda kenda yao iko nyuma ya miji, sisi tisa yetu iko mbele ya taifa. Watu walioishi ng'ambo hii na ng'ambo ile ya maji. Huwa nafurahi kila nikiyawaza.

---

MamaMaembe_Marikiti
Jumatano, saa 7:25 mchana

Mwalimu nimekusoma hapa mezani kwangu Marikiti na umenigusa kidonda. Mimi nauza maembe na machungwa. Hapa sokoni ukisema "maembe matatu mia" kila mtu ajua: unatoa shilingi mia unapata maembe matatu. Ukisema "maembe mia tatu" ni kitu kingine. Nambari zile zile, tofauti ni ma- tu na mahali pake.

Msimu uliopita mnunuzi wa mkahawa mmoja wa ufuoni akaniandikia, "Mama niwekee maembe mia tatu, nitapita Ijumaa." Nikamwekea maembe mia tatu. Nilikopa mengine kwa jirani yangu yatimie. Akaja na noti mkononi, alitaka maembe *ya* shilingi mia tatu. Nimeyauza kwa bei ya hasara mpaka yaliyobaki yakalainika. Je, hapo alikosea yeye au mimi?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 8:40 mchana

Pole sana mama. Alikosea yeye. "Maembe mia tatu" ni idadi ya maembe. Lakini nitakuwa mkweli: nguo ya nambari haikuweza kukuokoa pale. Tatu yahesabu mia, sawa, lakini mia zenyewe ni za nini, za maembe au za shilingi? Mia haina pa kuvaa ma-, kwa hiyo haisemi. Angelisema "mia tatu na matano" ungelijua mara moja ni maembe, na "mia tatu na tano" ungelishuku shilingi. Idadi ikiwa kamili, dalili hupotea.

Alichotakiwa kukiandika ni kile ulichokiandika wewe, maembe ya mia tatu. Ila nako kuna mtego: embe la mia tatu laweza kuwa embe la bei hiyo, au embe la mwisho ukiyahesabu mpaka mia tatu. Baba wa viti, na wewe jihadhari. "Kiti cha hamsini" nyuma ya kiti ni nafasi yake, lakini kwenye orodha yako ya bei ni shilingi.

---

MamaMaembe_Marikiti
Jumatano, saa 8:52 mchana

Ahsante. Sasa nitakuwa nawauliza: mia tatu za nini?

---

Otieno_Nyali
Jumatano, saa 1:30 usiku

Mimi nimekuja Mombasa mwaka 2016 kwa kazi. Kule nilikokulia na hapa kazini watu husema "watu kumi na mbili", "viti ishirini na tano", na kila mtu anaelewa. Hata redioni nimesikia. Sisemi Mwalimu amekosea. Nauliza tu, kama watu wengi wanaongea hivyo na hakuna anayepotea, bado ni kosa?

---

BiZuhura_Kibokoni
Jumatano, saa 2:15 usiku

Karibu Otieno, na swali lako ni la haki. Kwenye mtihani ni kosa, hilo halina mjadala. Mdomoni, siwezi kukuambia watu wamepotea, nami nawasikia hata Waswahili wenzangu.

Lakini nikwambie kwa nini nadhani limeenea. Fikiria mtu ahesabuye kutwa nzima. Anahesabu nini? Shilingi. Kilo. Mita. Siku. Saa. Sahani. Meza. Vitu hivi vyote viko kundi moja na nyumba, ambako nambari haionyeshi nguo yoyote: shilingi kumi na mbili, kilo kumi na tano, siku ishirini na nne. Sikio lake lasikia "kumi na mbili" mara mia kwa siku moja na "kumi na viwili" mara moja tu, pengine asiisikie. Basi lile la shilingi lageuka kuwa jina la nambari yenyewe, na akifika kwenye viti hulibeba kama lilivyo. Angalia watu hao hao chini ya kumi: husema viti viwili, watu wawili, hawakosei. Wanapotea baada ya "na" tu, ambako nambari imekaa mbali na kitu chake.

---

Otieno_Nyali
Jumatano, saa 2:31 usiku

Kweli kabisa. Siwezi kusema "watu mbili" lakini "watu kumi na mbili" inatoka yenyewe. Sikuwahi kuona hilo.

---

MpelekaWageni_Bamburi
Jumatano, saa 2:50 usiku

Nami niongeze langu. Napeleka watoto wa shule kutazama wanyama pale Haller Park. Mwalimu mmoja kijana akawaandikia watoto swali kwenye karatasi: "Umeona viboko vingapi?" Kitoto kimoja kikainua mkono kikasema, "Mwalimu, leo sijachapwa." Na kilikuwa kimesema kwa dhati, kilitaka kujibu vizuri. Viboko viwili ni bakora mbili. Viboko wawili ni wanyama. Mnyama hata jina lake likianza na ki- huhesabiwa kama mtu: kiboko mmoja, viboko wawili, vifaranga wanane. Samaki pia, changu watatu, hata kama wako kwenye sufuria.

---

SwalehTudor
Jumatano, saa 3:05 usiku

Hapo kwenye samaki mimi sikubali. Samaki akishakaangwa si mnyama tena, ni chakula. Mimi nikiagiza husema "samaki mbili".

---

MpelekaWageni_Bamburi
Jumatano, saa 3:09 usiku

Na asipoiva, ungesema samaki *huyu* hajaiva au *hii* haijaiva?

---

SwalehTudor
Jumatano, saa 3:14 usiku

Ningesema huyu. Lakini kwenye kuhesabu bado nasema mbili, na wauzaji hunipa mbili. Tutalizungumza tukikutana.

---

MkodishaViti_Majengo
Alhamisi, saa 11:45 jioni

Nimeandika risiti ya Jumamosi. Mwalimu naomba uniangalizie kabla sijamkabidhi mwenye shughuli:

Viti mia mbili na hamsini na viwili. Meza kumi na mbili. Mikeka thelathini na mimoja. Masufuria makubwa manane. Vijiko mia tatu na vitano. Sahani mia tatu na tano. Maturubai sita. Wapishi watatu, na mmoja wa tatu ni wa zamu ya usiku.

Na Dereva usinicheke, nimeandika pia: virudishwe saa nne asubuhi.

---

BiZuhura_Kibokoni
Alhamisi, saa 12:30 jioni

Mashaallah. Viti sawa: mbili ya mia, viwili vya viti. Vijiko na sahani uzitazame pamoja, ni somo zuri. Idadi ni hiyo hiyo, mia tatu na tano, lakini vijiko vimevaa na sahani hazikuonyesha kitu. Si kwamba sahani zimekataa, nguo yao haionekani. Itaonekana kwenye mbili tu, maana huko -wili imegeuka mbili. Maturubai sita ni sawa, sita haivai hata umsihi.

Masufuria manane ni sawa kwa kuwa uliandika *ma*sufuria. Ukiandika "sufuria", kama wengine wasemavyo, zitakuwa sufuria nane. Ni kama yale mapembe ya barabara ya Moi: mmoja husema pembe nne, mwingine mapembe manne, na yanayosimama pale ni yale yale. Chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa mstari.

Makosa mawili. Mikeka thelathini na *mmoja*, si mimoja. Mkeka ni mmoja unaobaki, kwa hiyo umevaa kama mkeka peke yake. Inafanana na mtu mmoja, lakini ni bahati ya sauti tu.

Na "mmoja wa tatu" sikufahamu. Wataka kusema mmoja kati ya hao watatu, au yule mpishi wa tatu? Kama ni mmoja kati yao yeyote, andika *mmoja wa hao watatu*, maana wahesabu watu. Kama ni yule wa nafasi ya tatu, andika *mpishi wa tatu*. Kwenye malipo hiyo ni tofauti kubwa, maana mpishi wa tatu anajulikana ni nani.

---

MkodishaViti_Majengo
Alhamisi, saa 12:41 jioni

Ni mmoja yeyote kati yao. Nimerekebisha. Na ile mimoja nilijua inanikwama kooni.

Nimenunua msasa nikwangue vile viti. Cha pili, cha tatu, mpaka cha nane. Mwenye harusi ameongeza wageni wa mbele, sasa vitakuwa kumi na viwili. Nikifika cha kumi na moja, binti asema *kumi na moja*, mke wangu asema *kumi na kimoja* kwa sababu Mwalimu ulisema baada ya "na" kinavaa. Nimesimama na brashi mkononi.

---

BiZuhura_Kibokoni
Alhamisi, saa 12:55 jioni

Kiti cha ngapi?

---

MkodishaViti_Majengo
Alhamisi, saa 12:58 jioni

Cha kumi na moja. Nimefahamu. Cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Na viti vyote pamoja ni kumi na viwili.

---

Kadzo_Kaloleni
Alhamisi, saa 1:20 usiku

Kama chini ya kumi ni cha pili, mbona si "cha kumi na pili"? Nyanya yangu husema mwezi wa kumi na pili.

---

BiZuhura_Kibokoni
Alhamisi, saa 1:48 usiku

Nami nimewasikia wazee wakisema hivyo, na sitamkosoa nyanya yako. Mosi na pili ndizo zilizokuwa majina ya hesabu yenyewe, ndiyo tuna Jumamosi na Jumapili, na miezi yetu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Si mfungo mtatu, kwa kuwa mfungo ni mmoja na tatu ni jina lake. Vitabu vya shule vimekaa na kumi na mbili, na karne nyote mwaita ya ishirini na moja, sijamsikia aiitaye ya ishirini na kwanza. Kwa viti vya harusi andika kumi na mbili. Kwa nyanya mwache na yake.

---

SwalehTudor
Alhamisi, saa 2:10 usiku

Mwalimu, na la mwisho kutoka kwangu. Babu yangu hakusema "watu ishirini na mmoja". Alisema "watu ishirini na mtu mmoja". Alirudia mtu. Ilikuwa makosa?

---

BiZuhura_Kibokoni
Alhamisi, saa 2:26 usiku

Hapana. Huo ni usemi wa zamani na nimeusikia sana nikiwa mdogo, hasa kwenye hesabu ya watu na ya siku. Babu alikuwa akikitaja wazi kile tunachokidokeza kwa m- peke yake. Kama ulikufa, au umejificha kwa wazee wachache, nawaachia wanaokaa nao barazani watuambie.

---

MkodishaViti_Majengo
Ijumaa, saa 4:15 asubuhi

Mzee wa Kibokoni amerudisha viti asubuhi hii kwa mkokoteni. Tulivihesabu pamoja mlangoni, yeye akivigusa kwa bakora yake. Alianza kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita, saba, vinane, na mimi nikimfuatisha. Tulipofika ishirini na moja nikanyamaza nimsikilize. Akasema, "Ishirini na kiti kimoja."

@SwalehTudor uko hapo?